Dada Hadubini na Vijiti Visivyovimba

Niseme mapema ili tusisumbuane: katika habari hii mwongo ni mimi. Usijichoshe kumtafuta. Nimesoma visa vingi ambavyo mtu unaburuzwa kurasa thelathini ndipo unaambiwa nani aliyeiba kuku, na jambo hilo hunikera kweli. Mwongo ni mimi, aliyeumizwa ni Dada Hadubini, na kitu chenyewe kilichozua balaa lote ni chumvi.

Jina lake la kwao analo, zuri tu, lakini silitaji. Nilishamharibia jina mara moja, inatosha. Jengo zima la idara yetu ya vijidudu lilimwita Dada Hadubini kwa sababu ukimtafuta ulikuwa humpati kwingine. Alikuwa fundi wa maabara, cheti cha miaka miwili, si zaidi, na alisimama mbele ya hadubini ile miaka ishirini na mmoja. Nasema alisimama, maana hakuwa anakaa. Kiti alikiwekea mkoba. Jicho la kushoto kwenye lenzi, la kulia wazi kabisa likikuangalia wewe, na mdomo ukikutania.

Mimi waliniita Mpishi. Usifikirie wali. Nilikuwa napika mchuzi wa bakteria: chachu, nyama iliyosagwa ikawa unga, chumvi, maji yaliyochujwa, halafu yote yanaingia kwenye mtambo wa mvuke yachemshwe kwa shinikizo mpaka kisibaki chenye uhai. Chumba changu waliita jikoni. Mama watoto alikuwa akinicheka mbele ya wageni: "Huyu ni mpishi wa wadudu, nyumbani hata yai linamshinda." Na kweli linanishinda.

Dada alikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi waliiona ya kichekesho. Kabla ya kuingiza kichupa chochote kwenye friza, alisoma kibandiko kwa sauti, kisha anamwita mtu mwingine akisome tena yeye akisikiliza. "Wewe soma, nami nisikie," ndivyo alivyosema. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi, kwa kuwa jikoni na friza vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Nikilalamika kwamba mchuzi wangu unaungua, ananijibu, "Uungue, Kaka Mpishi. Mchuzi utapika mwingine, kizazi cha bakteria hakipikiki." Friza ile ilikuwa na vichupa zaidi ya elfu mbili, na nakwambia ukweli, hapakuwa na hata kimoja kilichokuwa na jina la mwenzake.

Sasa nikueleze hao bakteria wenyewe, maana bila hivyo hutaelewa ubaya wangu.

Mwaka wangu wa kwanza pale aliniita nichungulie. Nikaona vijiti vidogo, bakteria wa utumboni, vimelala kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Akatia dawa kidogo kwenye mchuzi wao. Nikaenda zangu kuosha chupa. Baada ya saa tatu akanigongea ukuta: "Njoo uone." Nikachungulia. Hakuna kijiti! Vyote vimekuwa mviringo, gololi tupu.

"Umewafanyaje hawa?"

"Nimewavunjia nyuzi zao."

Akanichorea nyuma ya bahasha. Ndani ya bakteria wa kijiti, chini ya ngozi yake laini, kuna vipande vifupi vya nyuzi. Nyuzi hizo zinajengwa na protini inayoitwa MreB. Hazilali kwa urefu wa kijiti, zinalala kwa upana, zikifuata mzunguko wa kiuno, na zinatembea zikizunguka kiuno hicho. Zinatembea pamoja na mafundi, yaani vimeng'enya vinavyojenga ukuta wa nje. Nikamuuliza, kwa hiyo nyuzi zinawavuta mafundi? Akafurahi sana kwa swali lile.

"Kinyume chake. Mafundi wakisimama kujenga, nyuzi nazo zinasimama. Kazi ya ujenzi ndiyo inayozisukuma. Lakini nyuzi ndizo zinazowaonyesha pa kupita. Zikiwepo, ukuta unajengwa kwa kuzunguka kiuno, kiuno hakinenepi, mwili unarefuka. Ukizivunja, mafundi bado wanajenga, ila wanajenga ovyo kila upande. Kinachotoka ni gololi." Akaongeza kwamba dawa ikioshwa nyuzi hurudi, na baada ya vizazi kadhaa hao wa mviringo huzaa vijiti tena. Nilikaa nikaona, na ikawa hivyo. Siku ile niliipenda kazi yangu kwa mara ya kwanza, na aliyenipendesha ni yeye.

Maabara yetu hasa ilikuwa ya bakteria wengine, wa udongoni. Hao tuliwagawa makundi mawili kwa lugha ya nyumbani. Wenye jeni ya MreB tuliwaita Wazima. Waliokatwa jeni hiyo tuliwaita Wagonjwa. Mgonjwa ukimweka kwenye mchuzi wa kawaida anavimba, anapinda, ananenepa kama puto la sherehe, halafu pwaa, anapasuka. Lakini ukimtilia chumvi ya magnesi kwa wingi, gramu tano kwa lita, anaishi vizuri, na ukimtazama utadhani ni Mzima, kijiti kabisa. Kwa nini magnesi inamsaidia, wakati ule wasomi wenyewe walikuwa bado wanabishana, basi mimi nani nijitie kujua. Mimi kazi yangu ilikuwa chupa. Chupa yenye magnesi naizungushia utepe mwekundu shingoni. Isiyo na magnesi naiacha wazi. Kila siku naandika kwenye kitabu cha jikoni: leo nimepika hiki na hiki, kiasi hiki, saini. Kazi ya mtoto wa darasa la tano.

Mambo yaliharibika mtambo mkubwa wa mvuke ulipokufa. Ukabaki mdogo, ambao kwa siku unapika mara mbili tu ukibembelezwa. Utepe mwekundu mpiko wake, zisizo na utepe mpiko wake, na bado wanafunzi wanataka sahani za jeli za kuoteshea bakteria. Nikawa natukanwa asubuhi na jioni. Mmoja alinipigia kelele mbele ya watu kwamba Wagonjwa wake wamekufa kwa kukosa mchuzi wa magnesi. Na mimi nilikuwa tayari na barua mbili za onyo, moja ya jeli iliyoungua, nyingine ya kumjibu vibaya msomi fulani ambaye, kusema kweli, alistahili. Barua ya tatu kwetu ni kufukuzwa.

Basi nikajifanya mjanja. Nikajiambia, magnesi haiwadhuru Wazima, wanakua vilevile. Anayeihitaji ni Mgonjwa, asiyeihitaji haimsumbui. Kwa nini nipike mara mbili? Nikapika sufuria moja, yote nikaitia magnesi, nikagawa chupa nusu kwa nusu. Nusu nikazifunga utepe, nusu nikaziacha wazi. Kitabuni nikaandika kama zamani. Nilifanya hivyo miezi minne, na hakuna aliyegundua. Nani angegundua? Wazima waliota vizuri kila mahali, na Wagonjwa hakuna mtu aliyewaweka kwenye chupa isiyo na utepe, kwa sababu kila mtu alijua watakufa. Kosa kama hili nadhani lingeweza kufanywa na mpishi wa maabara peke yake, na ndani ya maabara kama ile tu.

Sasa mkubwa wa maabara. Yeye tulimwita Daktari. Si mtu mbaya wa kuonekana, anacheka, anakumbuka kuulizia watoto. Ila alikuwa na haraka. Katika miezi ileile minne aliwachukua Wagonjwa, akawabadilisha jeni ya pili, akaiweka jamii hiyo mpya kwenye mchuzi wa kawaida, bila utepe, kuona kama itapasuka. Haikupasuka. Vijiti vimenyooka, vizuri, vya kupiga picha. Daktari alitoka mbio korido nzima akipiga makofi! Amewaponya Wagonjwa! Amegundua kwamba jeni hiyo ya pili ikiguswa, bakteria anaweza kuwa kijiti hata bila MreB. Hao tukawaita Walioponywa. Soda zikanunuliwa. Nami nilikunywa, tena mbili.

Siku ile ya soda Daktari alisema mbele ya wote kwamba nafasi ya msimamizi wa maabara iko wazi na anayestahili ni Dada Hadubini. Watu wakapiga vigelegele. Dada alitazama chini. Baadaye alikuja jikoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka Mpishi, miaka ishirini na mmoja wananiita 'yule dada wa hadubini.' Mwezi ujao nitakuwa na mlango wenye jina langu." Alikuwa ameshampigia mama yake simu. Hilo ndilo alilokuwa nalo mkononi: jina lake, na mlango wa kulibandika. Mengine yote alikuwa ameyakosa bila kulalamika.

Daktari akapeleka makala yake kwa wachapishaji. Wakaguzi wakarudisha swali moja dogo: tuonyesheni picha ya Wagonjwa wa kawaida katika mchuzi uleule, siku ileile, wakipasuka, tulinganishe. Daktari akamwambia Dada atoe picha ya zamani, ziko kibao.

"Ya zamani si ya leo, Daktari," Dada akasema. "Wamesema siku ileile. Nitawaotesha, ni kazi ya saa chache."

"Usijisumbue."

"Sijisumbui, ndiyo kazi."

Akawaotesha. Akachukua Wagonjwa kutoka frizani, akawakuza kwanza kwenye utepe mwekundu, kisha akawahamishia chupa isiyo na utepe. Akasubiri wavimbe. Hawakuvimba. Akarudia kesho yake. Vijiti. Akarudia kwa kichupa kingine cha akiba. Vijiti vilevile, vimetulia, havina habari.

Siku ya tatu aliingia jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Hajawahi kuufunga.

"Kaka Mpishi, nikuulize kitu, usikasirike. Hizi chupa zisizo na utepe, kuna magnesi?"

Ndugu yangu, hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kutokea. Angenipiga makofi ya maneno, angesonya, halafu angeshika bahasha akachora namna ya kutengeneza. Namjua. Lakini mimi niliona barua ya tatu. Niliona pensheni iliyobakiza miaka michache ikinipungia mkono. Nikamtazama machoni, macho hayana pazia, nikasema, "Dada! Mimi? Kitabu hicho hapo, soma."

Akasoma kitabu. Akasema, "Haya." Akatoka.

Mchana ule nilimwaga chupa zote zisizo na utepe. Zote. Nikatembea maabara nzima na toroli nikidai zimeingia uchafu, nikakusanya hata zilizofunguliwa, nikazimimina kwenye sinki maji yakikimbia. Kisha nikapika upya, safari hii sawasawa, magnesi upande mmoja tu. Nilijiona nimetengeneza. Mpumbavu gani anadhani kurudia kufanya vizuri ni kutengeneza?

Dada aliporudia jaribio kwa chupa mpya, Wagonjwa wakavimba na kupasuka kama ilivyoandikwa. Akapumua. Kisha kwa uangalifu wake uleule akaotesha na Walioponywa kando yao. Nao wakavimba. Wakapinda, wakanenepa, wakapasuka wote. Hapakuwa na aliyeponywa. Hapakuwahi kuwa na aliyeponywa. Miezi minne ile ilikuwa magnesi yangu tu.

Alikwenda kwa Daktari na picha zote, za juzi na za leo, akazipanga mezani. Mimi nilikuwa nje nimeshika chupa nisizozihitaji, nasikiliza.

"Kilichobadilika ni mchuzi, Daktari. Juzi Wagonjwa hawakufa, leo wanakufa. Bakteria ni walewale."

"Walewale? Nani anasema ni walewale?" Nikasikia akili yake ikipata njia. "Friza ni yako. Vichupa ni vyako. Juzi unaniletea Wagonjwa wasiokufa, leo unaniletea Walioponywa wanaokufa. Dada, umechanganya vichupa."

Sijui kama Daktari aliamini maneno yake. Nadhani aliyahitaji, na mtu akilihitaji neno huliamini. Kama kosa lilikuwa mchuzi, makala ilikuwa imekufa. Kama kosa lilikuwa friza, basi makala ni nzima, picha ni nzuri, ila bahati mbaya bakteria wenyewe wameharibiwa na fundi mwenye cheti cha miaka miwili.

Ikaitwa kamati. Watu watatu, meza ndefu, jagi la maji. Dada alivaa koti jipya jeupe, bado lina mikunjo ya dukani. Alieleza vizuri, bila kulia, akachora nyuzi na kiuno na mafundi wa ukuta, akaeleza kwamba Mgonjwa hana namna ya kuwa kijiti kwenye mchuzi mtupu, kwa hiyo mchuzi ule haukuwa mtupu. Mwenyekiti akaniita.

"Mpishi, katika miezi hiyo, chupa zisizo na utepe ziliwahi kutiwa magnesi?"

"Hapana, mheshimiwa. Kitabu hiki hapa."

Kitabu kikazungushwa mezani. Mwandiko wangu mzuri, saini kila siku. Maandishi yana heshima yake bwana, hata ya mwongo.

Dada akasema, "Basi muulizeni habari ya vichupa. Kila kichupa kilichoingia frizani nilikisoma, na yeye akanisomea."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli ulikuwa unamsomea?"

Hapa sikuwa hata na sababu. Ningesema ndiyo, mheshimiwa, kila kichupa, na mimi nisingedhurika kitu. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa umeshanishika shati. Niliogopa kwamba vichupa vikiwa safi watarudi kwenye mchuzi, na mchuzi ni mimi. Nikasema, "Mara nyingine. Mambo ya siku zote siwezi kukumbuka, mheshimiwa."

Dada aligeuka akanitazama kwa macho yote mawili. Mimi nilijifanya nakohoa.

Kamati iliandika kwamba mkusanyiko wa friza hauaminiki. Nafasi ya msimamizi akapewa mtu mwingine. Dada alihamishiwa stoo ya vifaa, akahesabu glavu kwa wiki tatu, kisha akaandika barua ya kuacha kazi. Na kwa kuwa friza haiaminiki, iliamriwa isafishwe. Bakteria hawatupwi hivi hivi jalalani, lazima wauawe kwa mvuke. Na mvuke uko kwa nani? Jikoni.

Nilivipika mwenyewe. Vichupa zaidi ya elfu mbili, mikebe na mikebe, kila kimoja na mwandiko wake mdogo wa penseli, nyuzi joto mia moja ishirini na moja. Vingi nilivijua, nilivisoma kwa sauti yangu. Ilinichukua siku mbili. Siku ya pili Dada alipita koridoni akiwa na mkoba wake na kikombe chake cha chai, akasikia mtambo unavuma, akajua unapika nini. Alisimama kidogo pale mlangoni. Nikasema, "Dada, ni amri tu." Akaendelea kutembea.

Makala ikatoka na picha ya zamani ya Wagonjwa, kana kwamba ni ya siku ileile. Ikawekwa kwenye fremu ukutani. Walioandika kutoka mbali kuomba Walioponywa wajaribu wenyewe walijibiwa kwamba kwa masikitiko jamii hiyo ilipotea kwa uzembe wa fundi wa awali. Daktari akapanda cheo. Nami sikupata barua ya tatu. Usiku nalala vizuri, usifikirie nakesha. Hilo nalo linaniudhi.

Miaka sita ikapita. Mwaka wangu wa mwisho kazini nikaanza kuwa na kiu isiyokatika, mama watoto akanisukuma niende kupima. Nikaenda zahanati ndogo ya mtaani, chumba kimoja cha vipimo nyuma ya duka la dawa. Nikakabidhi kikopo changu cha mkojo dirishani, nikakaa kwenye benchi. Fundi alipogeuka alikuwa yeye. Nywele zimeingia mvi, koti limefubaa, na amesimama. Hadubini yenyewe ni ya kale, lenzi moja imefungwa kwa plasta.

Alinisomea majibu kama angemsomea mtu yeyote. "Sukari iko juu. Muone mganga chumba cha pili." Nami nilichukua karatasi nikaondoka kama mwizi. Nilifika hadi kituo cha basi ndipo nikagundua sikwenda chumba cha pili.

Wiki ile niliandika barua kwa Daktari. Niliandika kwamba katika kipindi kile, kwa bahati mbaya, nilisahau kutenganisha mapishi. Nikampelekea mkononi. Aliisoma, akavua miwani.

"Mzee, unastaafu lini?"

"Mwezi wa tisa, Daktari."

"Staafu salama. Mambo haya yameshapita, yule mama alishaondoka, na wenzetu wa nje walishaanza kusema matokeo yale ni ya kutiliwa shaka. Yatakufa yenyewe." Akaifungia dawatini, akaniulizia watoto.

Nikachukua nakala niliyobaki nayo, nikarudi zahanati. Nilingoja foleni iishe nusu nikasogea dirishani.

"Dada, ile magnesi niliitia mimi."

"Najua." Jicho lilikuwa bado kwenye lenzi. "Wagonjwa waliniambia. Hakuna Mgonjwa anayekuwa kijiti bila magnesi, na magnesi haina miguu ya kwenda chupani."

"Kwa nini hukunitaja?"

Hapo akainua kichwa. "Nilikutaja! Nilisimama mbele ya watu watatu nikasema ni mchuzi. Mchuzi ulikuwa na wapishi wangapi? Wakaamini kitabu chako." Sauti ilipanda, mgonjwa mmoja kwenye benchi akageuka. Dada akaishusha. "Kukosea sikukulaumu hata siku moja. Kila jikoni chumvi huzidi. Ila ulinisomea vichupa miaka yote ile, halafu ukasema hukumbuki."

Nikapitisha barua dirishani. Aliisoma polepole, akachukua kalamu kutoka mfukoni, akakata maneno sehemu mbili, kwa mistari iliyonyooka.

"Hii 'kwa bahati mbaya' itoe. Na hii 'nilisahau' itoe. Hukusahau, Mpishi. Mtu aliyesahau hazunguki na toroli kumwaga chupa."

Alikuwa hajaniita Kaka. Nilingoja neno hilo, halikuja.

"Niandike nini?"

"Andika nilidanganya. Mara mbili, maana ulidanganya mara mbili. Moja ya mchuzi, moja ya vichupa. Na tarehe uweke ya leo, usije ukanidanganyia hata tarehe."

Akanisukumia karatasi safi. Niliandika nimesimama kwenye ile kaunta, kati ya vikopo vya watu. Neno lenyewe si refu. Nimeandika jikoni miaka mingi, magunia ya vitabu, na sijawahi kuona neno gumu kama lile. Nikaliandika mara mbili. Nikatia saini.

"Utaipeleka wapi?"

"Kwa waliochapisha zile picha."

"Wakiniita?"

"Utaenda. Utasema hivyohivyo ulivyoandika."

Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti, upande wa ndani. Nilibaki nimesimama. Nilitaka aniulize kama mama watoto hajambo, kama zamani, au hata anitukane, ningelipokea tusi nikashukuru. Akachukua kikopo kilichokuwa nyuma yangu kwenye foleni, akasoma jina lililoandikwa juu yake, akatazama benchi.

"Anayefuata," akasema.